Ukigongewa mlango ukaambiwa umeishi ndani ya mashine

Mwaka 1974 Robert Nozick, mwanafalsafa wa Harvard, alitoa kitabu kinene kuhusu mipaka ya serikali. Ndani yake, mahali anapojadili namna tunavyopaswa kuwatendea wanyama, alichomeka kurasa tatu hivi ambazo leo zinajulikana hata na watu wasiojua kitabu kilichobaki kinasema nini. Ndizo kurasa za mashine ya uzoefu.

Wataalamu wa ubongo, anasema, wametengeneza mashine inayoweza kukupa maisha yoyote unayoyataka. Unaelea ndani ya tangi, nyaya zimeunganishwa na ubongo wako, na wewe unajiona unaandika riwaya kubwa, au umepata rafiki wa kweli, au umekaa tu unasoma kitabu kitamu. Ukiwa ndani hujui kwamba uko ndani. Ukiogopa kujifunga maisha yako yote kwa uamuzi wa siku moja, utatolewa kila baada ya miaka miwili, utapewa dakika kumi au saa kumi za kuchagua miaka miwili inayofuata. Na wenzako pia wana ruhusa ya kuingia, kwa hiyo si lazima ubaki nje kwa ajili yao. Je, ungeingia?

Aliokuwa akiwalenga ni watu wa tangu zamani. Epikuro, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba raha ndiyo mwanzo na mwisho wa maisha yenye heri, na mwaka 1789 Mwingereza Jeremy Bentham akajenga maadili na sheria juu ya raha na maumivu peke yake. Wanaofuata njia hiyo wanakubaliana katika jambo moja: kitu kisichobadilisha chochote katika unavyohisi ndani yako hakiwezi kuyafanya maisha yako yawe mema zaidi au mabaya zaidi. Kama ni kweli, mtu mwenye akili timamu angeingia mashineni mbio. Nozick anadhani wengi wetu tutasita, na kwamba kusita huko ni ushahidi. Tunataka kutenda mambo, si kuhisi tu kwamba tumeyatenda. Tunataka kuwa watu wa namna fulani, na anayeelea tangini huwezi kusema ni jasiri au mwoga, mkarimu au bahili. Tena hatutaki kufungiwa katika dunia iliyoundwa na binadamu peke yake.

Nafundisha falsafa mwaka wa sita wa sekondari hapa Goma, na kila mwaka somo la maadili linapofika nawatolea wanafunzi mashine hii. Sijawahi kukutana na swali linaloamsha darasa kwa haraka namna ile. Lakini majibu yao ndiyo yaliyonifanya niache kuifundisha kama hoja iliyokamilika.

Wa kwanza kunyanyua mkono huwa ni fundi. "Prof, na umeme ukikatika?" Darasa linacheka, maana hapa kila mtu anajua umeme unavyokatika. Mwingine anauliza nani atalipa, mwingine anataka kujua wenye mashine watafanya nini na mwili wake akiwa amelala. Ninawaambia mashine haiharibiki na wenye mashine ni waaminifu. Wanaitika kwa vichwa, lakini ukiwauliza tena baada ya robo saa bado wanasema hapana, na ukichimba unakuta hofu ni ileile ya umeme. Hilo si jambo dogo. Nozick anahitaji tukatae kwa sababu tunathamini ukweli, na mtu anayekataa kwa sababu haiamini mashine hajasema lolote kuhusu ukweli. Kinachonisaidia kumtambua ni swali moja: "Na kama ningekuthibitishia, bila shaka hata chembe, kwamba haitaharibika?" Akianza kuyumba, basi alichokikataa kilikuwa hatari, hakikuwa uongo.

Halafu kuna wale wa mama. "Mama atabaki na nani?" Jibu zuri, na linatoka moyoni, lakini nalo linakwenda pembeni. Mfuasi wa Bentham atakwambia kwa utulivu kwamba wewe unakaa nje kwa sababu ya wajibu, na kwamba maisha yako mwenyewe yangekuwa na heri zaidi ndani. Mtu anaweza kujinyima heri yake kwa ajili ya mama yake, na kujinyima huko hakuonyeshi kwamba heri si raha. Ndiyo maana Nozick aliwaruhusu wote waingie. Nikiwaambia wanafunzi kwamba mama naye ataingia kwenye tangi lake, baadhi yao wanaridhika na wengine wanachukia kuliko mwanzo. Wanaochukia nitawarudia, kwa sababu nadhani ndio walioiona pointi.

Na mwisho yuko yule ambaye vitabu vya kiada havimtarajii. Anakaa nyuma na anasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Miye naingia, prof. Hapa inje kuko nini?"

Katika mji huu swali hilo halijibiwi kwa urahisi. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002, ikashuka tena Mei 2021 hadi kwenye nyumba za kaskazini. Januari 2025 vita viliingia mjini kwenyewe. Nina wanafunzi wanaolala chumba kimoja na ndugu wengi waliokimbia vijijini. Nozick aliandika kana kwamba msomaji wake ana maisha mazuri ya kutosha kiasi kwamba kuyaacha ni hasara. Ukimuuliza swali hilohilo mtu ambaye maisha yake yanamuumiza kila siku, kukubali kwake kunakwambia kwamba ameumia. Kama anaamini raha ndiyo kitu pekee chenye thamani, hilo bado hulijui.

Kuna mtu aliyelijaribu jambo hili kwa mpango. Mwaka 2010 mwanafalsafa Felipe De Brigard alichapisha utafiti mdogo aliofanya na wanafunzi wa chuo kikuu huko North Carolina. Aliligeuza swali la Nozick chini juu. Ni Jumamosi asubuhi, bado uko kitandani, kengele ya mlango inalia. Nje amesimama mtu rasmi rasmi, anakwambia kuna kosa kubwa limefanyika: ubongo wako uliunganishwa na mashine kimakosa, na maisha yote unayoyajua mpaka leo yametengenezwa na kompyuta. Sasa uchague: ubaki ulipo, au utolewe urudi kwenye maisha yako ya kweli?

Kundi moja halikuambiwa zaidi ya hapo. Waliochagua kubaki mashineni walikuwa asilimia 46, yaani karibu nusu. Kundi la pili liliambiwa kwamba katika maisha ya kweli wao ni wafungwa katika gereza lenye ulinzi mkali kabisa. Hao, asilimia 87 walibaki. Kundi la tatu liliambiwa kwamba nje wao ni wasanii wenye mamilioni wanaoishi Monako. Hapo waligawanyika nusu kwa nusu.

Kwa kawaida watu wanasimulia matokeo haya kama ushindi wa upande wa raha: unaona, ukweli hauna thamani hiyo, watu wanabaki kwenye uongo bila shida. Mimi nasoma tofauti, na ninaposoma naanzia Monako.

Mtu anayethamini raha tu angetoka akimbilie utajiri. Mtu anayethamini ukweli tu angetoka pia, kwa sababu nje ndiko kwenye ukweli. Sababu zote mbili zinasukuma upande mmoja, na bado nusu ya watu wamegoma kusogea. Kwa hiyo kuna nguvu ya tatu ambayo si raha wala ukweli. De Brigard mwenyewe anaiita mvuto wa hali iliyopo: binadamu hushikilia alichonacho, na kila mabadiliko huyaona ghali kuliko yalivyo. Kama ni hivyo, basi hata wanaokataa kuingia katika swali la mwanzo la Nozick huenda hawakatai uongo. Wanakataa kuhama. Hoja ya Nozick inapungukiwa nguvu, maana ilitegemea kukataa kwetu kuwe na sababu moja tu.

Hapo nakubali. Ila neno hilo, mvuto wa hali iliyopo, linafanya jambo lionekane kama uvivu, na sidhani ni uvivu mtupu. Jiweke pale mlangoni Jumamosi asubuhi. Yule bwana anakwambia una mamilioni Monako. Jambo la kwanza utakalolifikiria si fedha. Utamfikiria mama, mke, rafiki uliyesoma naye, mtoto aliyelala chumba cha pili. Kutoka ni kuwaacha wote hao na kwenda kwa watu usiowajua kwa sura. Anayebaki anaweza kuwa anabaki kwa sababu hawezi kuamini, hata baada ya kuambiwa, kwamba mtoto yule hayupo. Anashikilia watu. Ukimhesabu kama mtu wa raha umemhesabu vibaya, kwa kuwa kama alikuwa anatafuta hisia nzuri, Monako zilikuwepo tele.

Nilipowapa wanafunzi swali la mlango badala ya swali la tangi, yule wa nyuma aliyetaka kuingia ndiye aliyesema kwanza angebaki, na sababu aliyoitoa ilikuwa mdogo wake. Nikamkumbusha kwamba kwa masharti ya hadithi huyo mdogo ni picha ya kompyuta. Akasema basi hataki kuambiwa. Mwenzake wa mbele akageuka: "Kama hautaki kuambiwa, ni juu ya nini? Si ni juu unajua ingekuwa mbaya?" Sijapata kulisema vizuri hivyo mimi mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kuingia au kutoka limechafuka. Ndani yake kuna hofu ya mashine kuharibika, kuna wajibu, kuna uzito wa kuhama, na kuna hali ya nje ilivyo nzuri au mbaya. Wanafalsafa wengi waliolitetea wazo la Nozick baadaye wameacha kuuliza ungechagua nini. Wanaweka maisha mawili sambamba yanayofanana kabisa kwa ndani, halafu wanauliza yapi yalimwendea mwenyewe vizuri zaidi. Hapo hakuna anayehama, hakuna anayebonyeza kitufe.

Mfano wangu ni huu, nimeutunga lakini hautoki mbali na tunayoyaona. Mama mmoja wa Ndosho, mtaa wa hapa Goma, ana mwana aliyekwenda kutafuta maisha kusini. Mwana anafanya kazi, anaoa, anamtumia mama ujumbe wa sauti kila wiki na fedha kidogo kila mwezi. Mama anazeeka akijisifu kwa majirani, anafariki usingizini akiwa ameridhika. Sasa weka pembeni mama wa pili. Ujumbe ni uleule, kila wiki, sauti ileile. Fedha ni zilezile. Majivuno kwa majirani ni yaleyale, na usingizi wa mwisho ni uleule. Tofauti ni moja. Mwana wa huyu wa pili alifariki njiani katika mwezi wa kwanza, na binamu yake mwenye kipaji cha kuiga sauti, kwa huruma, aliendelea kutuma. Mama hakujua kamwe.

Kama raha na maumivu ndiyo hesabu yote, mama hawa wawili walipata maisha yenye heri sawasawa, hadi chembe ya mwisho. Siyo "karibu sawa". Hakuna dakika hata moja ambayo mmoja alihisi tofauti na mwenzake. Mimi nikiwatazama naona kwamba wa pili alipatwa na jambo baya sana, na kwamba alipatwa nalo yeye, si mwanawe peke yake. Alichokitaka mama huyu maisha yake yote kilikuwa mwana aliye hai na anayemkumbuka. Sauti aliipenda kwa ajili ya huyo mwana. Hicho hakukipata.

Upande wa raha wana majibu mawili yenye nguvu, na sipendi kuyapita juu juu.

La kwanza: wewe unayewatazama mama hawa unajua siri, na unahisi uchungu unapoifikiria. Uchungu ni wako, sasa hivi, na unaumwagia mama ambaye yeye hakuuhisi. Hilo hutokea kweli. Njia ya kulipima ni kujiuliza kama hukumu inabaki pale uchungu unapopoa. Nimerudia mfano huu darasani mpaka hautikisi tena moyo wangu, na bado nikiulizwa ningemtakia mama yangu maisha yapi kati ya hayo mawili sisiti. Nisingerusha sarafu.

Jibu la pili ni zito zaidi. Linasema tumefundishwa na maisha kuthamini ukweli kwa sababu kwa kawaida uongo hufumuka na kuumiza. Anayedanganywa na mke, na mshirika wa biashara, na daktari, mara nyingi mwishowe analia. Kwa hiyo akili zetu zimejifunza kuuchukia uongo wenyewe, na zinaendelea kuuchukia hata katika mfano ambao mtunzi ameapa hautafumuka. Hisia yetu kuhusu mama wa pili ni desturi nzuri iliyovuka mpaka wake. Sina dawa ya kulimaliza jibu hili. Ninachoweza kusema ni kwamba linakata pande zote mbili. Hata mapenzi yetu kwa raha tumeumbiwa na historia hiyohiyo, kwa kuwa raha kwa kawaida ilielekeza kwenye chakula, joto na watoto. Kama asili ya thamani fulani inatosha kuitilia shaka, basi raha nayo iingie kizimbani, na mfuasi wa Bentham hataki tufike huko.

Kilichobaki mikononi, kwa maoni yangu, ni kidogo kuliko Nozick alivyodhani na kigumu zaidi kukivunja. Hakikuthibitishwa kwamba raha si kitu. Mtu anayekufa kwa maumivu ya saratani akipewa morfini hata akapotelewa na fahamu za chumba alimo, hajafanya kosa lolote la kifalsafa, na wale asilimia 87 wa gerezani pia hawakukosea. Anayethamini ukweli hadai kwamba ukweli unashinda kila kitu kwa bei yoyote. Anadai tu kwamba nao upo kwenye mizani. Mwanafunzi wangu wa nyuma anaweza kuingia mashineni kesho na akawa sahihi kuingia, huku akipoteza kitu kwa kuingia. Nozick mwenyewe aliuandika mfano wake kana kwamba kukataa kwa mtu mmoja kunamaliza kesi, na hapo alikwenda haraka mno.

Tena mifano yote miwili, wa mlango na wa mama, inanifanya nitilie shaka zile sababu zake tatu. Kutenda, kuwa mtu fulani, kutofungiwa katika dunia ya kutengenezwa: hii ya tatu kwangu ni dhaifu kabisa. Simjui mtu wa Goma anayeomboleza kwamba simu yake imetengenezwa na binadamu. Kinachouma katika tangi ni kwamba hakuna mtu upande wa pili. Ndiyo maana wale wanafunzi walichukia nilipowaambia mama naye ataingia kwenye tangi lake: nilikuwa nimewapa mama na mwana wanaoota kila mmoja peke yake, kila mmoja akimkumbatia mwenzake asiyekuwepo.

Na kama ni hivyo, nina deni la kulipa. Tuseme mashine ni moja, kubwa, na wote tunaingia humo pamoja. Mama ninayemwona ndani ni mama kweli, akili yake imeunganishwa na mashine ileile. Ninachosema anakisikia yeye, na akikasirika amekasirika kweli. Mlima haulipuki, hakuna risasi, maji yanatoka bombani. Mwanafunzi mmoja msichana aliliuliza hilo mwishoni mwa saa, akitaka kunibana, na alinibana. Nikishikilia kwamba tatizo la tangi ni upweke wake, basi kwa mashine ya namna hii sina tatizo kubwa lililobaki. Ningetaka kujua kama tunaweza kudhuriana humo, maana mahali ambapo siwezi kumkosea mtu sijui kama ninaweza pia kumtendea wema. Ningetaka kujua kama kuna aliyeachwa nje. Nikijibiwa vizuri hayo mawili, ningeingia, na Nozick asingenifuata. Msichana akaniuliza kama ningemwachia paka wake naye aingie, kengele ikalia, na kwa kuwa ukurasa ule wa Nozick ulianza na wanyama, nimempa swali hilo aje nalo limeandikwa.